Kupanda Donner kwa minyororo, kupanda Donner kwa soksi

Barabara kuu ya I-80 inatoka Sacramento, mji mkuu wa Kalifornia, ikiwa mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Kabla hujamaliza kilomita 150 kuelekea mashariki imeshakupandisha hadi mita 2,206, kwenye kilele cha Donner katika milima ya Sierra Nevada, kisha inakuteremsha Truckee na kukufikisha Reno, jimbo la Nevada. Kiangazi ni safari ya saa mbili na ushee, watoto wamelala kiti cha nyuma, baba anasikiliza redio. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni habari nyingine. Mawingu ya Bahari ya Pasifiki yakigonga milima ile yanamwaga kila yalichobeba. Sacramento mvua, Colfax mvua, lakini ukifika Nyack, kwenye mita 1,600 hivi, mvua imeshageuka theluji na waipa zinasukuma uji mzito badala ya maji.

Wenyeji huiita theluji hiyo saruji ya Sierra. Si ile kavu na nyepesi ya nchi zenye baridi kali. Imejaa maji, inashindiliwa haraka na matairi ya waliotangulia, na usiku inaganda ikawa barafu. Mwanzoni mwa Machi 2024 dhoruba moja iliifunga sehemu ndefu ya barabara hii kwa siku kadhaa. Siku nyingi, hata hivyo, barabara haifungwi. Inabaki wazi kwa masharti, na masharti yenyewe ni kuvisha magurudumu kitu cha kung'ata theluji: minyororo ya chuma, au kwa magari mengine, soksi za kitambaa.

Wanaoipita njia hiyo ni pamoja na madereva wa malori wanaozungumza Kiswahili, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, na hao wameshafunzwa kazi yao na waajiri. Makala haya ni ya yule mwenye gari dogo, aliyekulia mahali ambapo theluji ilikuwa ya kutazamwa juu ya Kibo na si ya kukanyagwa, na ambaye Jumamosi ya Januari anaitwa arusini Reno.

Tuseme basi gari ni Toyota Corolla, matairi yake yameandikwa 205/55R16, injini inasukuma magurudumu ya mbele. Ndani wamo watu wanne na mabegi. Mlimani, bango la taa linawaambia kwamba mbele kuna udhibiti wa minyororo, kiwango cha R-2.

Bango linasema nini

Idara ya uchukuzi ya jimbo hilo, Caltrans, ina ngazi tatu. Kwenye R-1 unatakiwa kufunga minyororo au kifaa kingine cha kushika theluji kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini, isipokuwa kama una matairi ya theluji au gari lako linasukumwa na magurudumu yote manne. Kalifornia haina ukali sana na hayo matairi ya theluji: tairi la misimu yote lenye herufi M na S ubavuni, kama bado lina kashata za kutosha, linahesabika. Kwa hiyo kwenye R-1 Corolla yetu, matairi yake yakiwa na herufi hizo, ingepita hivi hivi.

Kwenye R-2 msamaha huo unaondoka. Sasa kila gari lifunge, isipokuwa lile linalosukumwa na magurudumu yote manne ambalo pia lina matairi ya theluji yote manne. R-3 haina msamaha kwa yeyote, na mara nyingi barabara hufungwa kabla ya kufikia hapo. Kuna jambo ambalo wenye magari makubwa ya magurudumu manne hulisahau: hata wao, wakiingia eneo la udhibiti, wanatakiwa wawe na minyororo ndani ya gari, ingawa hawajaifunga. Askari anaweza kuuliza aoneshwe.

Kati ya bango la kukutaka ufunge na kituo cha ukaguzi huachwa umbali wa maili moja hivi, yaani kilomita moja na nusu. Hapo ndipo pa kufungia, na si penginepo. Unatoka barabarani kabisa, upande wa kulia, mpaka tairi la kushoto lisibaki kwenye njia ya magari. Watu wamegongwa wakiwa wamechuchumaa karibu na gurudumu la upande wa magari yanayopita, kwa sababu dereva anayekuja nyuma naye anateleza, na akiteleza huenda anakoelekezwa na barabara wala si anakotaka yeye.

Pembeni mwa barabara utawakuta watu waliovaa vizibao vyenye namba, wanaofunga minyororo kwa malipo. Hao si watumishi wa serikali. Wamepewa kibali cha kufanya kazi hiyo, na hawaruhusiwi kuuza wala kukodisha minyororo. Ukiwatumia, chukua risiti na uandike namba ya kizibao, maana mnyororo uliolegea utagundulika mbele, yeye akiwa amebaki nyuma. Kwa dereva anayeifanya kazi hii mara ya kwanza, kwenye baridi, gizani, malipo hayo si hasara. Lakini afadhali ujue mwenyewe, kwa sababu ukiondoka pale hakuna atakayekukazia tena.

Chuma au kitambaa

Tofauti ya vifaa hivi viwili inaanzia kwenye jinsi vinavyoshika. Mnyororo unakanyaga. Uzito wa gari unalala juu ya pingili chache za chuma, na kwa kuwa eneo ni dogo, pingili zinazama kwenye theluji iliyoshindiliwa na kuikwaruza barafu. Kadiri theluji inavyokuwa nzito na mlima kuwa mkali, ndivyo mnyororo unavyojitofautisha na kila kitu kingine.

Soksi haizami. Ni kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachofunika sehemu yote ya tairi inayogusa barabara, na kina mpira wa kuvutia kama wa kiuno cha suruali ya ndani, upande wa nje na wa ndani wa gurudumu. Adui mkubwa juu ya theluji na barafu ni utando mwembamba wa maji unaokaa kati ya mpira na barafu, hasa joto likikaribia nyuzi sifuri. Kitambaa kinaunyonya na kuusukuma pembeni, nyuzi zake zinanata kwenye punje za theluji, na theluji inayoshikamana na kitambaa inashika theluji ya chini. Anayedhani ni porojo akumbuke kwamba watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwapima watu waliovaa soksi juu ya viatu kwenye vijia vya mteremko vyenye barafu na kukuta kweli utelezi unapungua. Mwaka 2010 walipewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Soksi ina mambo mawili yanayoiuza: ni nyepesi, na ni nyembamba. Huo wembamba ndio unaomhusu mwenye Corolla. Magari ya siku hizi yana matairi mapana yaliyojaa ndani ya madigadi, na nyuma ya gurudumu, sentimita chache tu kutoka kwenye ubavu wa tairi, kuna shokabu, bomba la breki na waya wa kitambuzi cha breki. Mnyororo mnene ukizunguka pale utakata kitu. Marekani ina daraja la vifaa linaloitwa S, lililotungwa kwa magari kama hayo: kifaa kinatakiwa kitoshee kwenye nafasi ya milimita 37 juu ya uso wa tairi na milimita 15 ubavuni. Vitabu vingi vya magari huandika kwamba daraja S pekee linaruhusiwa, vingine vinaruhusu minyororo kwa saizi moja ya tairi na kuikataza kwa nyingine ya gari lile lile, na vingine vinakataza moja kwa moja. Hilo ndilo jambo la kusoma kabla ya kununua chochote, kwenye ukurasa wa matairi wa kitabu cha gari. Mwenye gari la kukodi asome na mkataba pia, kwa kuwa kampuni nyingi za kukodisha haziruhusu minyororo kwenye magari yao.

Sheria ya Kalifornia haidai kwamba kifaa kiwe cha chuma. Inakieleza kwa kazi yake: kiwe na uwezo wa kuongeza mshiko, breki na kona kwenye theluji au barafu, kiwe imara kiasi cha kutochomoka chenyewe, na kiwe na alama ya kudumu ya aliyekitengeneza. Soksi za bei poa zisizo na jina lolote zimeshakosa sharti hilo la mwisho.

Kwa ndugu walioko Ulaya mambo yanafanana lakini si yale yale. Ufaransa, tangu tarehe 1 Novemba 2021, inamtaka anayepita maeneo ya milima yaliyotajwa, kati ya Novemba mosi na Machi 31, awe na matairi manne ya msimu wa baridi, la sivyo abebe minyororo au soksi za kutosha magurudumu mawili yanayosukumwa. Kitambaa kimetajwa kabisa. Mwaka 2020 Ulaya ilipata kiwango cha pamoja cha vifaa hivi, EN 16662-1, na namba hiyo kwenye boksi ndiyo ya kuitafuta, kwani soksi isiyo nayo inaweza kukataliwa na askari hata kama inashika vizuri.

Ningechagua kipi? Kwa anayeishi mlimani, au anayepita Donner kila majira ya baridi, na kitabu cha gari kinaruhusu, chuma. Barafu ya usiku haiogopi kitambaa. Kwa mwenye Corolla anayekwenda mara moja moja, ambaye gari lake halina nafasi nyuma ya gurudumu, soksi nzuri inayovaliwa vizuri inamfaa kuliko mnyororo mzuri alioshindwa kuufunga. Na asiitegemee kwa safari ndefu ya mlimani: kwenye vipande vya lami tupu kitambaa kinaliwa, na njia yenye theluji hapa na lami pale ndiyo inayoimaliza haraka kuliko zote.

Mwendo

Sasa kasi, ambapo watu hujidanganya zaidi. Eneo la udhibiti la Kalifornia lina mwisho wa maili 25 au 30 kwa saa, kama bango la mahali pale linavyosema. Hizo ni kilomita 40 au 48. Ujerumani imeandika kwenye sheria yake ya barabarani kilomita 50 kwa saa kwa gari lolote lililofungwa minyororo, hata kama barabara ni ile isiyo na kikomo. Watengenezaji wa soksi nao huandika 50. Inaonekana kama tarakimu ya kiserikali iliyochaguliwa tu mezani, lakini ina hesabu nyuma yake.

Tairi la 205/55R16 lina mzunguko wa karibu mita mbili. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara saba kwa sekunde, na kila pingili inaipiga barabara mara saba. Nguvu inayoutupa mnyororo nje haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa kipeo chake cha pili. Ukitoka 50 ukafika 80 kasi imeongezeka kwa asilimia 60, lakini nguvu ya kuuvuta mnyororo kutoka kwenye tairi imekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mnyororo unavimba, unaachana na kashata, na sehemu iliyolegea inaanza kulichapa digadi kwa ndani. Kwa soksi ni joto: kitambaa kinasuguana na lami na nyuzi zinakatika.

Halafu kuna breki. Lami kavu inakupa mshiko wa karibu 0.8, theluji iliyoshindiliwa inakupa 0.2 hivi, na barafu 0.1 au pungufu. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, fizikia inakupa mita 12 za kusimama kwenye lami, mita 49 kwenye theluji na karibu mita 98 kwenye barafu, na hapo hujahesabu muda wa mguu kuhama kutoka kwenye mafuta. Kifaa kinarudisha sehemu ya mshiko huo, si wote. Na hiki ndicho kinachowashangaza wageni: kwenye lami tupu mnyororo unapunguza mshiko, kwa sababu sasa kinachogusa barabara ni chuma badala ya mpira. Ndiyo maana kasi ya maili 30 inabaki ile ile hata pale unapoona mita mia mbili za lami nyeusi mbele yako.

Kwa gari la kusukumwa mbele kuna hatari ya ziada, na inajitokeza mtelemkoni, upande wa Donner unaoangalia Truckee. Magurudumu ya mbele yamevishwa, ya nyuma hayajavishwa. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mbele inashika na nyuma inataka kuipita. Mkia unafagia. Dawa ni kuingia mtelemkoni ukiwa umeshapunguza mwendo, gia ndogo, breki kwa kugusa gusa taratibu, na usukani bila kushtuka. Mwenye uwezo wa kununua jozi ya pili kwa magurudumu ya nyuma, na kitabu cha gari kikaruhusu, anapata gari lenye utulivu zaidi. Kwa gari la kusukumwa na yote manne kitabu ndicho kinachosema jozi moja iende mbele au nyuma. Usiamue kwa kubahatisha.

Kufunga mnyororo

Kazi inaanzia nyumbani, kwenye zege kavu, mchana. Toa minyororo kwenye boksi, ufunge, ufungue. Hapo ndipo utakapogundua kwamba ulichonunua ni saizi ya 215, au kuna pingili imejikunja, au maelekezo ni picha tupu zisizo na maneno. Mtu aliyefanya hivyo mara mbili anahitaji dakika kumi pale mlimani. Aliyefungulia boksi kwenye theluji anahitaji saa, na vidole vikishakufa ganzi haoni tena ndoano iko wapi.

Vitu vya kubeba si vingi: glavu za mpira zenye bitana ndani, tochi ya kuvaa kichwani, kizibao cha riflekta, kipande cha turubai cha kupigia magoti, na raba za kukazia kama minyororo yako ni ya aina inayozihitaji. Ukiegesha, chagua pa tambarare, nyoosha usukani, funga handibreki, zima injini, washa taa za dharura. Tairi lisitolewe upepo hata kidogo. Kuna wanaoshauri upunguze upepo ili mnyororo uingie kirahisi; mnyororo ukishakazwa kwenye tairi legevu, tairi linajikunja na mnyororo unakwenda popote.

Minyororo ya magari madogo inayouzwa zaidi siku hizi ni ile yenye pete ya waya mgumu kwa nyuma. Unainyoosha chini kwanza, unahakikisha haijasokotana, unapitisha mkono kuisoma yote: upande laini wa ndoano uelekee tairi, ncha zake zitazame nje. Kisha unaisukuma ile pete, ikiwa imefunguka, nyuma ya gurudumu kwa chini, unashika ncha zake mbili, unazipandisha pande zote mbili za tairi na kuziunganisha juu. Hatua hiyo ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu inafanyika bila kuona. Mkono mmoja unapita kati ya tairi na digadi na kidole kinalitafuta tundu la kufungia. Pete ikishafungwa unaisukuma ishuke nyuma ya tairi, na wavu wa minyororo unakuja wenyewe juu ya kashata. Sasa unaunganisha ndoano ya mbele, upande unaouona, unavuta mnyororo wa kukazia, ambao mara nyingi umepakwa rangi nyekundu, kupitia kidude chake cha kushika, na ncha inayobaki unaitundika mahali palipotengwa. Aina hii haihitaji kusogeza gari.

Ile ya zamani, yenye umbo la ngazi, inatandikwa juu ya tairi kama shuka, sehemu ya mwisho inapangwa chini mbele ya gurudumu, gari linasogezwa mbele kwa nusu mzunguko wa gurudumu, kisha inafungwa. Ndoano ya ndani kwanza, ya nje baadaye. Hesabu pingili zinazobaki pande zote mbili za ndani na nje ziwe sawa. Zikitofautiana, ngazi imekaa upande na itatambaa kuelekea bomba la breki. Raba ya kukazia inafungwa mwisho.

Kwa aina zote mbili, hatua ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa inavyostahili ni ya kusimama tena. Nenda mita mia moja hivi, polepole, tafuta mahali pa usalama, shuka, kaza. Mnyororo uliokazwa gari likiwa limesimama haujakaa sawa mpaka gurudumu limezunguka mara kadhaa na kila pingili imepata mahali pake. Mara nyingi mnyororo unaokatika njiani ulikuwa na pingili mbili za kulegea ambazo dereva alizidharau. Mnyororo unaotosha unaruhusu kidole kimoja kupita chini yake, si mkono.

Ukishaanza kwenda, sikiliza. Mngurumo mmoja wa kudumu na mtetemo kwenye usukani ni kawaida. Mlio mkali unaojirudia kwa mpigo wa gurudumu, tak, tak, tak, ukiongeza kasi nao unaongeza, ni ncha iliyochomoka inayochapa digadi. Simama hapo hapo penye usalama. Kitu hicho kinaweza kutoboa digadi, kukata waya wa kitambuzi cha breki, na ikiwa ni kwa ndani, kufika kwenye bomba la breki lenyewe. Kama pingili imekatika na huna ya kuunganishia, fungua mnyororo wote. Usiufunge kwa waya wala kamba ukidhani utafika.

Kuvaa soksi

Corolla yetu, kwa kuwa haina nafasi ya kutosha nyuma ya gurudumu, imebeba soksi zilizoandikwa saizi ya 205/55R16. Dereva amesimama kulia, usukani umenyooka. Anaichukua soksi, anaivalisha juu ya tairi kwa mikono miwili kuanzia kilele chake, anaivuta chini pande zote mbili kadiri inavyoshuka, na kuhakikisha mpira wa ndani umepita nyuma ya ubavu wa tairi. Chini, pale tairi linapokanyaga barabara, kitambaa hakiwezi kupita, kinabaki kimening'inia. Anafanya hivyo kwa gurudumu la pili. Anaingia ndani, anasogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu, mita moja hivi, anashuka na kuvuta sehemu iliyobaki ambayo sasa imekuja juu. Basi. Soksi ikikaa upande kidogo haina neno. Ikizunguka inajipanga katikati yenyewe.

Linaloiharibu soksi ni mguu wa kulia. Gari likikwama na dereva akakanyaga mafuta mpaka gurudumu likazunguka papo kwa papo, kitambaa kinakuwa msasa unaojisaga. Gia ya pili badala ya ya kwanza, mguu mwepesi, na kama haliondoki, kurudi nyuma nusu mita na kujaribu tena. Kwenye magari mengine kifaa cha kuzuia gurudumu kuzunguka ovyo huikata nguvu ya injini kabisa, na kitabu cha gari huelekeza kitufe cha kukizima kwa muda wa kuondoka tu. Ukishaondoka, kiwashe.

Kuna jambo la usiku. Soksi iliyolowa ikiachwa kwenye gurudumu mpaka asubuhi inaganda kama ubao, na kuivua inakuwa kuichana. Ukifika hotelini Truckee, ivue, uiingize ndani ikauke.

Kuvua na kutunza

Mwisho wa eneo la udhibiti una bango lake, na ndipo pa kuvulia, tena kwa kutoka barabarani kabisa. Wengi huvua mapema wakiona lami, kilomita mbili baadaye wanakuta kivuli cha mlima chenye barafu na hawana mahali pa kufungia tena. Hali ya kila sehemu inaonekana kwenye QuickMap, ramani ya Caltrans ya simu na kompyuta, au kwa kupiga 800-427-7623 na kutaja namba ya barabara. Itazame kabla ya kutoka Sacramento, na tena Colfax.

Kwa mnyororo wa pete, legeza ule wa kukazia, fungua ndoano ya mbele, fungua pete juu, angusha vyote chini na usogeze gari uviache nyuma, usisahau kuviokota. Soksi inavuliwa kinyume cha ilivyovaliwa: vua nusu ya juu, sogeza gari, vua iliyobaki.

Nyumbani, vyote vinataka maji baridi mengi, kwa kuwa barabara za majira ya baridi zimemwagiwa chumvi. Mnyororo unasuuzwa, unaanikwa mpaka ukauke, unapakwa mafuta mepesi, na kabla ya kurudi kwenye boksi unapitishwa mkononi pingili kwa pingili kutafuta iliyolika. Pingili ya chuma iliyopungua nusu ya unene wake haifai tena. Soksi inafuliwa, inaanikwa, na kisha inainuliwa mbele ya dirisha. Mwanga ukipita mahali kashata za tairi zinapogusa, hiyo haina safari nyingine ya Donner.